Ugonjwa Umepita kwa Nani?

Machi 1884, katika mji wa Cannes kusini mwa Ufaransa, mwanamume wa miaka 30 aliteleza, akaanguka na kuumia goti. Usiku huohuo akafa. Alikuwa Leopold, mtoto wa nane wa Malkia Viktoria wa Uingereza, na tangu utotoni alijulikana kuwa na hemofilia: damu yake haikuganda kama ya watu wengine. Kuanguka ambako mwingine angekusahau baada ya wiki moja, kwake kulikuwa hatari ya maisha.

Leo tunajua ugonjwa huo ulirithiwa kwa njia gani. Lakini tufanye kama hatujui. Tuichukue karatasi, tuuchore ukoo wa Viktoria jinsi wauguzi na madaktari wa magonjwa ya kurithi wanavyochora, kisha tuone kama mchoro wenyewe unaweza kutupa jibu.

Alama zake ni chache. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mgonjwa hutiwa rangi nzito, mzima huachwa mtupu. Mume na mke huunganishwa kwa mstari wa mlalo. Wakiwa ndugu wa damu, mstari huo huwa miwili. Watoto hushuka chini yao kwa mpangilio wa kuzaliwa, kizazi baada ya kizazi.

Sasa tuchore Viktoria na mumewe Albert. Wote wazima. Chini yao watoto tisa, wanaume wanne na wanawake watano, na katika hao ni Leopold peke yake aliyetiwa rangi. Wazazi wazima wamezaa mgonjwa, kwa hiyo kasoro ilikuwepo bila kuonekana: ni kasoro fiche. Imejificha wapi? Kuna njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni kromosomu za kawaida, zile jozi 22 ambazo wanaume na wanawake wanazo sawasawa. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni iliyoko humo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu ni mzima, kwa kuwa ile nzuri inatosha. Tunamwita mbeba jeni. Ili mtoto augue lazima apate nakala mbovu mbili, yaani baba na mama wote wawe nayo. Wawili wabeba jeni wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mgonjwa, awe wa kike au wa kiume.

Njia ya pili ni kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Kasoro ikikaa kwenye X, mwanamke mwenye nakala moja mbovu bado ana ile nyingine ya kumsaidia, na kwa kawaida huwa mzima. Mwanamume hana ya pili. X yake moja ikiwa mbovu, anaugua. Na X hiyo ameipata kwa mama, maana baba humpa mwanawe wa kiume Y. Kwa hiyo mama mbeba jeni peke yake anatosha kuzaa mwana mgonjwa, na kila mwana wa kiume ana nusu ya uwezekano. Mume ni nani, ametoka wapi, ana jeni gani, hayo hayabadilishi kitu kwa wana wa kiume.

Mambo yote yaliyobaki katika makala haya yanatoka katika tofauti hiyo: njia ya kwanza inamhitaji baba, ya pili haimhitaji.

Turudi kwa Leopold. Mgonjwa ni wa kiume, na wengi wakiona mwana wa kiume mgonjwa peke yake hukimbilia X. Lakini hebu tumtazame Albert. Baba yake Albert na mama yake Viktoria walikuwa ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mke na mume walikuwa binamu wa kwanza na mstari wao kwenye mchoro ni miwili. Ndugu wakioana, jeni mbovu aliyokuwa nayo babu au bibi wao mmoja inaweza kushuka pande mbili na kukutana kwa mtoto. Hiyo ndiyo dalili inayojulikana zaidi ya urithi wa kromosomu za kawaida. Kwa hiyo, kwa kizazi hiki kimoja, mtu akisema hemofilia ya Leopold imetokana na ndoa ya mabinamu, hatuna hoja ya kumkatalia. Mgonjwa mmoja, hata akiwa wa kiume, hatoshi kuamua.

Tuufungue mchoro, tushuke chini.

Dada yake Leopold, Alice, aliolewa na Ludwig wa Hesse huko Ujerumani. Akazaa watoto saba, na mmoja, Friedrich, alianguka kutoka dirishani mwaka 1873 akiwa na miaka miwili, akavuja damu na kufa. Binti wawili wa Alice nao wakazaa wana wagonjwa. Irene alipata wana watatu, wawili wakiwa na hemofilia. Mmoja wao alikufa akiwa na miaka minne tu. Alix aliolewa na Nikolai wa Pili, mfalme wa Urusi, akazaa binti wanne na mwisho, mwaka 1904, mwana mmoja, Aleksei, ambaye alikuwa mgonjwa.

Dada mwingine, Beatrice, aliolewa na Henry wa Battenberg. Katika wana wake watatu, mmoja alikuwa na hemofilia. Binti yake, Viktoria Eugenia, akawa malkia wa Hispania. Wana wake wawili, Alfonso na Gonzalo, walikufa kwa kuvuja damu baada ya ajali za gari ambazo mtu mwingine angetoka nazo hai. Naye Leopold mwenyewe aliacha binti, Alice wa Albany, ambaye mwanawe Rupert alikufa mwaka 1928, naye pia baada ya ajali ya gari.

Mtu akiutazama mchoro huo ukiwa umekamilika, macho yanavutwa na miraba iliyotiwa rangi. Msomaji mzoefu hutazama kwingine kwanza: anawatazama wakwe, wale walioingia katika ukoo kwa ndoa.

Kama kasoro hii ingekuwa kwenye kromosomu za kawaida, kila baba aliyezaa mgonjwa ingebidi naye awe mbeba jeni. Ludwig wa Hesse ingebidi awe nayo. Nikolai wa Urusi awe nayo. Henry wa Battenberg, mfalme wa Hispania, mume wa Alice wa Albany, wote wawe nayo. Hao ni wanaume watano, na simhesabu mume wa Irene kwa sababu alikuwa binamu yake wa kwanza, wala Albert kwa sababu hiyohiyo. Tuseme mtu 1 kati ya 100 ana jeni hiyo, jambo ambalo kwa ugonjwa adimu kama huu ni makadirio ya ukarimu. Kama watano hao wasingekuwa na undugu wowote kati yao, uwezekano wa wote kuwa nayo ungekuwa 1 kati ya bilioni 10. Mtu atasema familia za kifalme za Ulaya zilikuwa zimeoleana sana, na ni kweli. Basi tumpe 1 kati ya 10 kwa kila mmoja, kiasi ambacho hakuna ushahidi wake. Bado tunapata 1 kati ya 100,000. Njia ya X haihitaji bahati yoyote ya namna hiyo, kwa kuwa haimuulizi baba kitu.

Baada ya wakwe, ndipo tunahesabu watoto. Nimewahesabu watoto wa wale wanawake saba wa ukoo huu waliozaa wana wagonjwa, kuanzia Viktoria mwenyewe, nikiwaacha wawili ambao hawana la kutuambia: mmoja alizaliwa mfu, mwingine alikufa kichanga. Wana wa kiume ni 18, na wagonjwa ni tisa. Binti nao ni 18, na mgonjwa hakuna hata mmoja. Wana nusu kwa nusu, binti sifuri: ndivyo X inavyotabiri, ingawa ulinganifu huo usituleweshe, maana wanawake hawa tumewachagua kwa sababu tayari walikuwa na mwana mgonjwa, na kuchagua hivyo huongeza idadi ya wagonjwa tunaowaona. Kinachonivutia zaidi ni wale binti. Kwa njia ya kromosomu za kawaida tungetarajia wanne au watano wawe wagonjwa. Uwezekano wa wote 18 kupona kwa bahati tu haufiki 6 kati ya 1,000.

Dalili ya tatu iko kwa mtu ambaye hakuugua: Edward wa Saba, kaka yake Leopold. Katika njia ya X, mwanamume mzima ana X nzima, basi. Hana cha kuficha na hana cha kuwarithisha wajukuu. Katika njia ile nyingine, ndugu mzima wa mgonjwa ana uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kuwa mbeba jeni. Kizazi cha Edward, ambacho ndicho kilichoshika ufalme wa Uingereza hadi leo, hakikutoa mgonjwa wa hemofilia hii. Peke yake hoja hii ni nyepesi, lakini inakwenda upande uleule.

Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Evgeny Rogaev walichunguza vinasaba kutoka mifupa ya familia ya Nikolai, iliyouawa mwaka 1918. Waliikuta kasoro katika jeni ya kigandishi damu namba tisa, jeni iliyoko kwenye kromosomu X. Aleksei alikuwa nayo katika X yake moja. Mama yake alikuwa nayo katika moja ya X zake mbili. Karatasi na kalamu vilikuwa vimeshasema kweli.

Lakini ukoo wa Viktoria ni mkubwa, uliandikwa kwa makini, na ndoa zake zinajulikana. Familia zinazoingia kliniki si hivyo. Nitoe mfano wa kubuni, wa aina inayowasumbua madaktari kweli.

Mume na mke wa pwani ni watoto wa ndugu wawili wa kiume, tumbo moja. Wana watoto watano: binti mzima, mwana anayeumwa, mwana mzima, binti mzima, na kitinda mimba wa kiume anayeumwa. Ugonjwa ni wa misuli. Mtoto alianza kutembea akachelewa, akawa anaanguka mara kwa mara, akitaka kuinuka kutoka sakafuni anashika magoti kisha mapaja, anajisukuma juu kwa mikono yake mwenyewe. Ndama za miguu zimejaa na ngumu. Picha hii ni ya ugonjwa wa Dushen, ambao uko kwenye X. Lakini yako magonjwa mengine ya misuli, ya kromosomu za kawaida, yanayoweza kumfanya mtoto aonekane hivyohivyo.

Wagonjwa wawili, wote wa kiume. Je, inatosha? Tupige hesabu. Kama mama ni mbeba jeni ya X, uwezekano wa wana watatu kutoka hivi, mgonjwa, mzima, mgonjwa, ni nusu mara nusu mara nusu, yaani 1 kati ya 8. Binti hawatarajiwi kuugua. Kama wazazi wote ni wabeba jeni ya kromosomu za kawaida, uwezekano wa watoto watano kutoka hivi ni robo mara mbili na robo tatu mara tatu: karibu 1 kati ya 38. X inaongoza, lakini kwa takribani mara tano tu. Hapo kuna familia nyingi za njia ile nyingine ambazo zingeonekana hivi kwa bahati.

Sasa ile ndoa ya mabinamu. Inaipa nguvu njia ya kromosomu za kawaida, na mara tano zile zinaanza kuyeyuka. Kwa njia ya X haina maana yoyote kwa wana hawa, kwa kuwa X zao zimetoka kwa mama tu. Halafu tunauliza wajomba. Mama ana kaka wawili, watu wazima, wenye nguvu. Kama bibi mzaa mama ndiye aliyekuwa mbeba jeni, kila mjomba alikuwa na nusu ya uwezekano wa kuugua, na wote wawili kupona ni 1 kati ya 4. Hilo nalo linaipunguzia X uzito, ingawa haliifuti: kasoro inaweza kuanza upya kwa mama mwenyewe. Hata kwa Viktoria ilikuwa hivyo au karibu na hivyo, kwani baba yake hakuwa na hemofilia na kabla yake hakuna aliyejulikana kuugua. Hapa tulipofika, mchoro hausemi. Mtu mwaminifu ataandika kwamba njia zote mbili zinawezekana.

Kisha anauliza swali moja zaidi, na anamuuliza mama, faraghani. Kabla ya ndoa hii uliwahi kuzaa? Mama anajibu kwamba aliolewa kwanza bara, na mtu asiye ndugu yake, wakazaa mtoto wa kiume. Akadhoofika miguu, akaacha kutembea, akafa kijana.

Jibu hilo linabadilisha kila kitu. Kwa njia ya X, mama yule ni mbeba jeni na mwana huyo alikuwa na nusu ya uwezekano wa kuugua. Kwa njia ya kromosomu za kawaida, mume yule wa kwanza ingebidi naye awe na jeni hiyohiyo adimu, tuseme 1 kati ya 100, kisha mtoto apate robo yake: 1 kati ya 400. Mtoto mmoja huyo ameipa X uzito wa mara 200.

Kwa nini hakuwa kwenye mchoro tangu mwanzo? Kwa sababu sisi huhesabu ukoo kwa baba. Mzee wa familia ukimwomba akutajie nasaba, atakwenda hadi babu wa saba kwa upande wa kiume bila kusita. Ukimuuliza dada za bibi mzaa mama walizaa nani, ananyamaza. Mtoto wa mume wa kwanza ni wa ukoo mwingine, basi hatajwi. Lakini X inapita kwa wanawake, na mchoro unaokusanywa kwa njia ya baba unaiacha nje njia yenyewe ya ugonjwa. Ndiyo maana ni lazima kuwataja kwa jina la undugu mmoja mmoja: wajomba, mama wakubwa, mama wadogo na wana wao, watoto wa mama mmoja kwa baba tofauti, wavulana waliokufa wadogo hata kama ilisemwa ni homa au ni kurogwa.

Mchoro ungeweza pia kugeuka upande wa pili. Kama miongoni mwa wagonjwa angekuwepo binti, mwenye udhaifu sawa na kaka zake na baba mzima, X ingekuwa imepata pigo kubwa, kwa kuwa X moja ya binti huyo imetoka kwa baba asiye na kasoro. Nasema pigo kubwa, si kifo. Wako wanawake wachache ambao seli zao nyingi zimeizima X iliyo nzima na kuitumia mbovu, na wako waliozaliwa na X moja tu. Binti mgonjwa mmoja ni sababu ya kupima tena. Binti wawili au watatu ni karibu jibu.

Hoja ya wakwe nayo ina mpaka wake, na Afrika Mashariki inafaa kuukumbuka. Ina nguvu pale jeni inapokuwa adimu. Ualbino tunaouona kwetu ni wa kromosomu za kawaida, na makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400. Ukipiga hesabu, hiyo ina maana mbeba jeni ni takribani mtu 1 kati ya 19. Kwa selimundu, katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa, ni wengi zaidi ya hapo. Mahali pa namna hiyo mkwe mbeba jeni si ajabu hata kidogo, na ugonjwa wa kromosomu za kawaida unaweza kutokea vizazi viwili au vitatu mfululizo bila wazazi kuwa ndugu. Kabla ya kusema mkwe hawezi kuwa nayo, jua jeni hiyo imeenea kiasi gani mahali alikotoka.

Sasa yule binti mkubwa wa familia yetu ya pwani, mzima wa afya, anataka kuolewa. Anauliza watoto wake watakuwaje, na jibu linategemea kabisa njia ipi imesomwa kwenye karatasi.

Kama ni X, yeye ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbeba jeni kama mama yake. Kila mwana wa kiume atakayemzaa ana 1 kati ya 4 ya kuugua, na haijalishi anaolewa na binamu au na mtu wa mbali. Kaka yake mzima hana jeni hiyo na anaweza kuoa bila hofu ya ugonjwa huu.

Kama ni kromosomu za kawaida, ana uwezekano wa 2 kati ya 3 wa kuwa mbeba jeni, na kaka yake mzima vilevile. Lakini akiolewa na mtu asiye ndugu, kwa kiwango kilekile cha mbeba jeni 1 kati ya 100, kila mtoto ana takribani 1 kati ya 600 ya kuugua. Akiolewa na mtoto wa mjomba wake, inapanda hadi karibu 1 kati ya 24.

Kumwambia asiolewe na binamu kungekuwa ushauri mzuri katika hali ya pili, na katika hali ya kwanza kungempa faraja ya uongo. Yule mtoto wa mume wa kwanza ameuelekeza mchoro wake upande wa X. Kinachofuata ni damu kidogo ya mmoja wa kaka zake wagonjwa, ipimwe jeni ya distrofini iliyoko kwenye X. Kasoro ikionekana, yeye na mdogo wake wa kike wanapimwa kasoro hiyohiyo, na ile nusu ya uwezekano inageuka kuwa ndiyo au hapana.